Magunia Mia ya Maharagi na Taux ya Siku

Hapa Kalemie mapatano makubwa huandikwa kwa dola. Nyumba ikipangishwa, karatasi inasema dola. Pikipiki ikiuzwa, dola. Injini ya boti, kiwanja, hata mahari siku hizi, dola. Halafu mkono unapoingia mfukoni zinatoka faranga, na hakuna anayeona ajabu. Miaka mingi faranga ilikuwa ikiyeyuka mikononi mwetu kama chumvi kwenye mvua, na watu wakajifunza kuhifadhi neno lao katika pesa ya wengine.

Kwa hiyo yaya wangu, dada yetu wa kwanza, alipopatana na mwenye boti amsafirishie magunia mia ya maharagi kutoka Moba, karatasi iliandikwa kwa dola. Nauli dola. Thamani ya mzigo, ukipotea au ukiharibika, dola elfu sita. Maharagi yenyewe aliyanunua kwa faranga. Wakulima wa kule juu, upande wa Pepa, hawapendi noti ya dola. Ikiwa na mkunjo kidogo tu hakuna wa kuipokea. Wao wanauza kwa faranga, wanapeleka watoto shule kwa faranga, wanazikana kwa faranga. Yaya aliyajua hayo kuliko mimi. Lakini karatasi ni karatasi, na karatasi ya Kalemie ni dola.

Mkataba ulisema mzigo utafunikwa kwa bashi, lile turubai kubwa la kuzuia maji. Siku ya safari mwenye boti alipata abiria wengi, akawatandikia bashi hilo wajikinge wao. Mvua iliwakuta njiani. Boti ilipotia nanga, abiria walishuka wakavu, na maharagi yalikuwa yamekunywa ziwa na mbingu. Hata hivyo tuliyapeleka depo, ghala alilokodi yaya. Siku chache baadaye magunia yalianza kupata joto, kama yana homa, na kupitia matundu ya katani ilichungulia mikia myeupe ya mimea. Harufu yake ilikaa kwenye nguo za yaya muda mrefu.

Kabla ya hapo yeye alikuwa mama wa depo. Wauzaji wadogo walikuja kwake kuchukua gunia moja moja. Baada ya hapo alirudi kukaa chini sokoni, akipima maharagi ya watu wengine kwa kopo. Hakulia wala hakutukana. Alisema jambo moja tu, na alilirudia mpaka mwisho wa kesi yote: "Anipe magunia yangu mia. Sitaki kutajirika. Mia."

Mwenye boti hakukana. Alikuwa baba mnene, mcheshi, msomaji wa somo katika parokia yetu, na kila Jumapili baada ya misa alimsalimia yaya kwa mikono miwili. Nitalipa, Mama, alisema, ngoja samaki washuke, ngoja mafuta yapungue bei. Aliyangoja mambo mengi. Mwishowe yaya alichukua avoka, wakili, kijana mwenye heshima aliyekuwa na ofisi ya chumba kimoja karibu na barabara ya reli, na mimi nikaenda naye. Nilikuwa nikiandika habari za tribinali, yaani mahakama, kwa redio moja ya mji. Nilizoea kukaa benchi la nyuma na kuandika kila linalosemwa.

Swali la kwanza la Maitre, ndivyo tunavyomwita avoka, halikuwa mvua wala bashi. Alisema kosa liko wazi, hilo halina ubishi. Akauliza tunataka hukumu kwa pesa gani, na kwa taux ya siku ipi, yaani kiwango cha kubadilisha dola kuwa faranga.

Yaya hakuelewa swali. Maitre akageuza karatasi akaanza kuandika. Siku maharagi yalipoharibika, alisema, dola moja ilikuwa kama faranga elfu mbili, kwa hiyo dola elfu sita zilikuwa kama milioni kumi na mbili. Leo dola inakaribia elfu tatu. Dola zile zile elfu sita ni milioni kumi na saba. Tribinali yetu ina desturi ya kutamka malipo kwa faranga, kwa sababu hiyo ndiyo pesa ya nchi. Kwa hiyo jaji akibadilisha kwa taux ya siku ya hasara, utapata milioni kumi na mbili. Akibadilisha kwa taux ya siku ya hukumu, utapata ya siku hiyo, lakini hesabu itagandishwa hapo. Akisema taux ya siku ya malipo, hesabu inabaki hai mpaka siku yule Papa mwenye boti anapofungua mkono.

"Na wewe unataka ipi?" aliuliza yaya.

"Ya siku ya malipo, Mama. Faranga inashuka. Ukigandisha hesabu, yeye atakaa, atakula wakati, na kila mwezi deni lake linakonda."

Gunia moja kule Moba wakati ule lilikuwa limepanda na kufika kama faranga laki moja na elfu sabini. Yaya alifunga macho akapiga hesabu kichwani. Milioni kumi na saba, magunia mia. Alifungua macho akatikisa kichwa kukubali. Maitre akaandika ombi: dola elfu sita, au faranga zinazolingana nazo kwa taux ya Benki Kuu ya siku ya malipo. Yaya angependa taux ya wabadilishaji wa mtaani, wale wanaokaa sokoni chini ya miavuli na mafurushi ya noti mezani, kwa sababu ndiyo anayoiona kila siku. Maitre alikataa. Jaji hawezi kutuma mtu kumwuliza mwenye mwavuli.

Siku ya kusikilizwa, avoka wa mwenye boti, mzee mwenye joho lililopauka mabegani, alisimama akaongea kwa upole kama anayebembeleza mgonjwa. Alikubali bashi, alikubali mvua. Ila hasara, alisema, ina siku yake ya kuzaliwa. Maharagi haya yalikufa siku ile pale bandarini, na siku ile yalikuwa na thamani ya milioni kumi na mbili. Kilichotokea baadaye kwa faranga si kosa la mteja wangu. Yeye hachapishi noti. Watu wakacheka. Mwenye boti mwenyewe akacheka, kisha akamtazama yaya kama anayeomba radhi kwa kucheka.

Maitre wetu alijibu kwamba mapatano yalikuwa ya dola, na faranga ni chombo tu cha kulipia. Chombo kikipungua ujazo, aliyeahidi ndiye anayeongeza, si aliyeahidiwa. Nilidhani amesema vizuri. Bado nadhani.

Jaji alitoa hukumu baada ya kuahirisha mara kadhaa, na kila mara yaya aliacha kopo lake sokoni akaja na kitenge chake cha kanisa. Alimpa yaya haki kuhusu hasara. Kisha akasema kwamba kupima hasara ni kazi ya jaji, na jaji huipima siku anayoitamka: dola elfu sita, kwa taux ya Benki Kuu ya siku ile ile ya hukumu, ni milioni kumi na saba na laki moja za faranga, pamoja na riba ndogo ya kisheria. Alitaka, alisema, bayilifu akienda kukamata mali awe na tarakimu moja mkononi, asiwe na swali.

Milioni kumi na saba. Magunia mia, na la ziada la kuonja. Kama tungerudi nyumbani siku ile tukalala, habari hii ingeishia hapa.

Lakini tulikuwa Wakalemie, watu wa kuamini dola. Nje kwenye baraza Maitre alikuwa amekasirika kweli. Hesabu imegandishwa, alisema, na mwenye boti atangoja tu, leo ni magunia mia, mwaka kesho ni themanini. Muda wa rufaa unahesabiwa tangu siku hukumu inapokabidhiwa rasmi; tukikaa bila kulalamika, utapita. Yaya aliniangalia. Nilimwambia nilichokuwa nimekiona kwa macho yangu miaka yote: sijawahi kuona faranga ikipanda. Nani aliwahi? Mwenye boti alipita karibu yetu akishuka ngazi, akasema kwa sauti ya kirafiki, "Mama, hukumu ni kama samaki ya kukausha. Inangoja jua." Yaya akamgeukia Maitre.

"Kata rufaa," alisema. "Ile taux tu. Mengine yabaki."

Rufaa ilikatwa, na kwa kuwa jaji hakuwa ameagiza hukumu itekelezwe mara moja, rufaa yetu wenyewe iliifunga. Hakuna bayilifu aliyeweza kugusa hata kamba ya boti mpaka mahakama ya juu iseme. Maitre alitueleza hilo kabla ya kutia sahihi, sina la kumlaumu. Tulisema tutangoja. Kungoja tulikujua.

Mafaili ya mahakama ya rufaa hayana haraka. Mara jaji mmoja wa baraza alikuwa safarini, mara karatasi ya kumwita mwenye boti ilikosewa anwani, mara umeme. Yaya aliendelea kupima kwa kopo. Sehemu ya depo yake, ambayo alikuwa bado akiilipia kodi ili asiipoteze, aliikodisha kwa muuza saruji ya Kabimba, na vumbi lake likaingia kwenye kila kitu.

Kisha, wiki moja ambayo sikumbuki kitu kingine chochote chake, dola ilianguka.

Nilisikia sokoni kabla ya kusikia redioni. Wabadilishaji walikuwa wamesimama, jambo ambalo hawalifanyi. Wengine walikuwa wamefunika meza zao. Asubuhi walinunua dola kwa bei moja, mchana kwa nyingine, jioni walikataa kabisa. Waliokuwa na dola chini ya magodoro walikuja mbio, na kadiri walivyokuja ndivyo ilivyoshuka. Kutoka karibu elfu tatu ilikwenda ikishuka mpaka kama elfu mbili na mia mbili. Wanaolipwa mshahara kwa dola walilalamika. Watu wa serikali wakatuambia tufurahi, faranga yetu imepata nguvu.

Nilikwenda moja kwa moja mahali yaya alipokaa. Alikuwa ameshajua. Alikuwa anatazama maharagi ya mbele yake.

"Bei ya gunia Moba imeshuka?" niliuliza.

"Hata faranga moja. Nimepiga simu leo. Wanasema mbolea haijashuka, minerval ya watoto shuleni haijashuka, kwa nini maharagi yashuke." Akachukua kopo, akalijaza, akalimwaga tena. "Sasa nieleze miye. Ile milioni kumi na saba ya jaji inanunua magunia mangapi leo?"

"Mia."

"Na ile tunayoiomba na Maitre?"

Dola elfu sita kwa elfu mbili na mia mbili ni milioni kumi na tatu na laki mbili. Kwa laki moja na elfu sabini kila gunia, yanatoka sabini na saba. Nililisema kwa sauti ndogo. Mama aliyekuwa amekaa jirani na yaya, anayeuza mawese, alisikia akapiga makofi mara moja, akasema avoka wenu ni mukali sana, anawapigania mpaka mupate kidogo.

Maitre hakubisha. Alisema ataiondoa rufaa, na hukumu ya kwanza itasimama na milioni zake kumi na saba. Aliandika barua ya kujiondoa siku ile ile. Tulitembea naye mpaka ofisi ya karani wa mahakama ya rufaa. Karani, bila kubadilika uso, alimwonyesha karatasi iliyofika kabla yetu. Avoka mzee naye alikuwa ameingiza rufaa ya mteja wake ndani ya yetu, kama sheria inavyomruhusu aliyeitwa kwenye rufaa. Hakuomba tena taux ya siku ya hasara, ambayo jaji alishaikataa. Aliomba taux ya siku ya malipo, ile ile tuliyoiomba sisi.

Tungeweza kuiondoa ya kwetu. Ya kwake ingebaki, na majaji wangeijibu.

Nilirudi nyumbani na hasira ambayo haikuwa na mtu wa kuiangukia. Hakuna aliyedanganya. Hakuna aliyehongwa, au kama yupo sikumwona, na nilikuwa nikitazama. Yule baba alikuwa amechukua tu maneno yetu, neno kwa neno, akayavaa, na yalimkaa vizuri.

Siku ya kusikilizwa katika rufaa, avoka mzee alisimama akasema hana haja ya kuchosha baraza. Avoka mwenzake msomi wa upande wa pili, alisema, alieleza jambo hili kwa uzuri mbele ya tribinali: mapatano yalikuwa ya dola, faranga ni chombo tu cha kulipia. Alisoma sentensi ya Maitre kutoka kwenye faili, ile ya ujazo wa chombo, yote, polepole. Chombo sasa kimeongezeka ujazo, alisema. Tunaomba kipimo kiwe kile kile.

Maitre alijaribu. Alisema mteja wake aliondoa malalamiko yake. Kwamba jaji wa kwanza alikuwa na haki ya kupima hasara siku ya kuitamka. Kwamba hasara halisi ni maharagi, na maharagi hununuliwa kwa faranga. Hapo mmoja wa majaji, mama mwenye miwani, aliinua kichwa.

"Maitre, neno maharagi na bei yake ya faranga liko wapi katika ombi lenu la kwanza?"

Halikuwepo. Mkataba ulisema dola elfu sita. Ombi lilisema dola elfu sita. Hakuna karatasi hata moja ya Moba iliyokuwa kwenye faili, risiti wala chochote, kwa sababu sisi wenyewe tuliona dola ndiyo ukuta na faranga ni upepo. Jaji akaongeza, bila ukali, kwamba mahakama haimpi mtu zaidi ya alichoomba, na alichoomba huyu mama tangu siku ya kwanza ni taux ya siku ya malipo. Nilimwona yaya akiitikia kwa kichwa kama mtu anayesomewa jina lake.

Hukumu ya rufaa ilisema hivyo hivyo. Dola elfu sita, zilipwe kwa faranga, kwa taux ya Benki Kuu ya siku ya malipo. Kwa maneno ya karatasi, yaya alishinda kila alichoomba. Nilitakiwa kuandika habari hiyo kwa redio, kama ninavyoandika nyingine. Niliandika kwamba mfanyabiashara mmoja ameshinda rufaa yake. Niliisoma mara mbili kabla ya kuitoa na sikupata mahali pa kuirekebisha.

Yule baba ambaye alingoja samaki, mafuta na jua, safari hii hakungoja kitu. Hukumu haijakauka wino alikuwa mlangoni kwa bayilifu na begi la michezo limejaa noti. Dola ilikuwa imeanza kujikongoja kupanda tena, na alitaka kuiwahi. Bayilifu aliangalia taux ya Benki Kuu ya asubuhi ile kwenye simu, akaandika, akazidisha, akahesabu noti. Mwenye boti alikaa amekunja mikono juu ya tumbo.

"Mama, umeona, nililipa," alisema. "Tena kama ulivyotaka wewe."

"Umelipa, Papa," yaya alijibu. "Mungu akuandikie."

Riba iliishia kwenye ada za karani na malipo ya avoka. Maitre alipunguza ya kwake bila kuombwa. Hilo naliandika kwa sababu ni kweli.

Wiki iliyofuata tulipanda wote wawili kwenda Moba, mimi kumsaidia kubeba pesa. Alinunua magunia sabini na saba. Muuzaji, mkulima mrefu mwenye koti la baridi ya milimani, alimwuliza mbona safari hii si mia. Yaya alimwambia yale mengine yalibaki mahakamani. Yule mkulima akafikiri ni kodi, akamhurumia.

Pale ziwani kulikuwa na boti moja tu ya kuondoka siku hizo, na wenye kuijua watakuwa wamekisia ni ya nani. Yaya hakusita. Alikaa juu ya magunia yake akatoa karatasi aliyoiandika mwenyewe kwa mkono, akampa msomaji wetu wa somo. Yeye aliisoma, akarudi mwanzo, akaisoma tena akisogeza midomo. Pale ambapo zamani palikuwa na dola elfu sita, pameandikwa: mzigo ukiharibika, mwenye boti atalipa bei ya magunia sabini na saba katika soko la Moba, siku ya kulipa.

"Mama, hii ni pesa ya nchi gani?"

"Ya kule," yaya alisema, akaonyesha milima nyuma yetu.

"Jaji atahesabu maharagi?"

"Atahesabu kama atanikuta tena mbele yake. Wewe weka sahihi."

Alicheka, akatafuta kalamu mifukoni, akaweka sahihi juu ya goti. Abiria walikuwa wameanza kupanda na mabegi yao na mawingu yalikuwa yanakaa vibaya upande wa Tanzania. Aliwaita vijana wake walete bashi. Yaya hakuondoka penye magunia mpaka lilipofungwa kamba pande zote nne, na hata lilipofungwa alianza upande mmoja, akaenda upande wa pili, akavuta kila fundo kwa mkono wake.

Depo bado ina saruji nusu. Nafasi ya magunia ishirini na tatu ni kubwa ukiiona imekaa wazi.